Kimya cha Msimulizi: Maneno na Picha katika Filamu za Tembo wa Tsavo

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja katika historia ya filamu za wanyamapori wa Kenya, nalo ni uhusiano baina ya picha na maneno ya msimulizi asiyeonekana. Mfano wetu mkuu unatoka katika uwanda wa Ndara, karibu na Voi, ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki. Hoja yetu ni kwamba msimulizi mwema husema yale tu ambayo picha haiwezi kuyasema, na kwamba sarufi ya Kiswahili inampa nyenzo za kufanya hivyo endapo hataifuata tafsiri kama kivuli.

Ili tuelewe kwa nini filamu za mwanzo zilijaa maneno, yafaa tuanze na kamera yenyewe. Katika miaka ya 1950, Armand na Michaela Denis walipokuwa wakiwaonyesha Waingereza wanyama wa Afrika Mashariki katika televisheni, picha nyingi za porini zilipigwa kwa kamera za milimita 16 zisizonasa sauti. Milio ya ndege, maji na nyayo iliongezwa baadaye studioni. Filamu ilitoka porini ikiwa bubu, na bubu huyo akatafutiwa msemaji. Msemaji naye aliona aibu kunyamaza.

Mabadiliko yalikuja pale picha zilipoanza kuonyesha mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Alan na Joan Root walipotoa filamu yao juu ya chemchemi ya Mzima, Tsavo Magharibi, mwaka 1972, kamera ilikuwa imezama majini pamoja na viboko. Kiboko anayetembea juu ya sakafu ya chemchemi hahitaji kuelezwa kwamba anatembea. Yanayohitaji maneno ni yale ambayo jicho haliwezi kuyafikia: kwamba maji hayo yametoka vilima vya Chyulu yakipita chini ya miamba ya volkeno, na kwamba majani yaliyoliwa na kiboko usiku nchi kavu ndiyo yanayowalisha samaki mchana majini. Hapa kazi ya msimulizi inajibainisha: picha hutoa tukio, maneno hutoa sababu.

Sababu, hata hivyo, ndipo penye hatari. Tuchukue ukame uliopiga Tsavo mwaka 1970 na 1971. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba tembo wapatao 6,000 walikufa. Mtu aonapo mizoga katika ardhi iliyokauka hudhani mara moja kwamba wanyama hao waliuawa na kiu. Uchunguzi wa Timothy Corfield, uliochapishwa mwaka 1973, ulionyesha vingine: wengi walikufa njaa, nao walifia karibu na maji ya kudumu. Tembo walikuwa wamekwisha kula majani yote yaliyokuwa karibu na maji. Madume yaliweza kwenda mbali na kurudi. Majike yenye ndama hayakuweza, na kwa sababu hiyo vifo vilikuwa vingi zaidi kwa majike na ndama. Kwa hiyo picha ya mzoga peke yake si uongo, lakini humwacha mtazamaji ajidanganye mwenyewe. Sentensi moja ya msimulizi ndiyo inayomwokoa.

Hebu sasa tuitunge sentensi hiyo. Tuseme tunayo picha ya sekunde 40, tuliyoibuni kwa ajili ya mjadala huu. Kando ya kidimbwi katika uwanda wa Ndara amesimama jike aliyekonda, mifupa ya nyonga imejitokeza. Ndama amelala chini, hatikisiki. Jike anamgusa kwa mkonga. Msimulizi wa kale angesema: “Tembo huyu maskini, aliyedhoofishwa na kiu kali, anamwomboleza mwanawe kwa uchungu usio na kifani.” Maneno hayo yana makosa matatu. Yanarudia kinachoonekana, yanakosea sababu, na yanadai kuujua moyo wa mnyama.

Simulizi nyepesi ingeweza kuwa hivi: “Maji yapo. Majani yako mbali.” Kisha kimya. “Bado ananyonyesha, hawezi kwenda mbali na maji.” Kisha kimya kirefu, wakati mkonga unapomgusa ndama. Mwishowe: “Katika ukame wa sabini na sabini na moja, majike na ndama ndio waliokufa zaidi.” Jumla ni silabi 60 hivi. Msomaji mtulivu akisoma silabi tano kwa sekunde, maneno yote yatachukua sekunde 12, na sekunde 28 zitabaki kwa picha. Tazama pia jinsi mwaka ulivyotajwa. “Elfu moja mia tisa na sabini” ni silabi 12. “Sabini” ni tatu. Katika kitabu tofauti hiyo haina uzito, bali katika filamu ni karibu sekunde mbili za uso wa tembo.

Sarufi yetu inasaidia kwa njia mbili. Kwanza, kiambishi cha nafsi kimo ndani ya kitenzi. Msimulizi aweza kusema “ananyonyesha” tu, na picha ikawa ndiyo kiima cha sentensi; kutaja “tembo” tena ni kumnyooshea kidole mnyama aliye mbele ya macho ya kila mtu. Pili, viambishi vya wakati hutenganisha aina za ukweli. “-na-” hutaja kinachotokea pale, na “hu-” hutaja kawaida ya jamii nzima. Msimulizi asemapo “tembo huomboleza,” ametoka katika tukio moja akaingia katika kanuni, na kanuni hudai ushahidi.

Ushahidi huo una mipaka yake. Watafiti Karen McComb, Lucy Baker na Cynthia Moss waliwajaribu tembo wa Amboseli, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Tembo walivutiwa na mafuvu na pembe za tembo kuliko mafuvu ya wanyama wengine, lakini hawakuonyesha kulipendelea fuvu la jike kiongozi wa ukoo wao kuliko mafuvu ya majike viongozi wa koo nyingine. Basi “anaugusa mfupa” ni kweli. “Anamkumbuka mamaye” ni dhana iliyovishwa vazi la kweli. Mahali hapo kimya ni sahihi kuliko sentensi yoyote.

Jambo hili lina uzito zaidi tangu filamu hizi zilipoanza kuwarudia wenyeji kwa lugha wanayoielewa. Simon Trevor, aliyewahi kufanya kazi ya kuhifadhi wanyama Tsavo kabla ya kushika kamera, alianzisha mwaka 1998 shirika la filamu za mazingira ambalo lilitoa pia filamu zenye simulizi ya Kiswahili. Mtazamaji wa Sagalla, anayekesha akilinda mahindi yake yasiliwe na tembo, si sawa na mtazamaji wa London. Hahitaji kuambiwa kwamba tembo ni mkubwa. Akisikia msimulizi akimpamba mnyama kwa hisia zisizothibitishwa, hatamwamini hata atakapotaja sababu ya kweli ya vifo, wala atakapoeleza kwa nini tembo walewale hutoka mbugani majani yanapokwisha.

Kwa kumalizia, mtafsiri wa simulizi za filamu asianze na maneno ya lugha ya kwanza, maana akiyafuata moja kwa moja ataishia kuvijaza vimya vyote. Aitazame kwanza picha bila sauti, aandike anachokielewa bila kuambiwa, kisha akifute. Kitakachobaki ndicho cha kusemwa.