Kusimamishwa kwa Serikali ya Kaunti: Kujibu Swali la Mgawanyo wa Mamlaka

Swali hili huulizwa katika mitihani ya sheria nchini Kenya, na mfano wake wa karibu ni Taita Taveta. Mwaka 2019 Gavana Granton Samboja alivutana na wawakilishi wadi kuhusu bajeti, akaanza kukusanya saini za wakazi ili kaunti ivunjwe. Wawakilishi nao wakapiga kura kumwondoa, lakini Seneti haikuona mashtaka yao yamethibitika. Mwishowe kaunti haikusimamishwa. Mtahini hubadilisha jambo moja tu: Rais amepokea saini hizo, na kesho yake akatangaza katika Gazeti Rasmi kwamba serikali ya kaunti imesimamishwa. Mwalimu mmoja wa Voi anataka kwenda mahakamani. Mshauri.

Wengi huanza na kurasa mbili za Montesquieu, muda ukawaishia kabla hawajafika Voi. Heri kuanza na kifungu cha 192 cha Katiba ya 2010, kwa sababu mgawanyo wenyewe umeandikwa humo. Rais anaweza kusimamisha kaunti kukiwa na dharura iliyotokana na vita au mapigano ya ndani, au kukiwa na hali nyingine isiyo ya kawaida. Ugomvi wa bajeti si vita, kwa hiyo imebaki njia ya pili, nayo ina milango mitatu: tume huru ichunguze madai, Rais aridhike kwamba madai yana msingi, kisha Seneti iidhinishe. Saini ni hatua ya kufikia mlango wa kwanza tu. Kifungu cha 123 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka zisipungue asilimia 10 ya wapigakura waliosajiliwa. Kaunti ikiwa na wapigakura 180,000, zinatakiwa 18,000. Hata zingekuwa 50,000, haziwezi kushika nafasi ya tume.

Je, mahakama ina haki ya kuingilia? Ndiyo, na haihitaji nadharia ya kuazima. Kifungu cha 165(3)(d) kinaipa Mahakama Kuu, ambayo ina kituo chake Voi, uwezo wa kuamua kama jambo lililofanywa kwa jina la Katiba linapingana nayo, na pia masuala ya mamlaka ya vyombo vya dola juu ya serikali za kaunti. Mwalimu si lazima awe gavana wala mwakilishi wadi. Kifungu cha 258 kinamruhusu mtu yeyote kudai kwamba Katiba imekiukwa.

Hapa ndipo jibu zuri linapojitenga na jibu la kawaida. Jaji haulizwi kama Samboja au wawakilishi wadi walikuwa sahihi, bali kama tume ilikaa na Seneti ikapiga kura. Hayo ni mambo ya ndiyo au la, na kuyakagua si kumpokonya Rais kazi yake. Mlango wa kati ni tofauti. Mwaka 2015 tume iliyoongozwa na Mohammed Nyaoga ilipendekeza Makueni, jirani wa Taita Taveta, ivunjwe, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Mkazi wa Makueni asingeweza kupata amri ya kumlazimisha, kwani Katiba imemwachia Rais aridhike au asiridhike. Tangu hukumu ya Dande ya Mahakama ya Juu, mwaka 2023, anayekuja kwa njia ya Katiba anaweza kuitaka mahakama iangalie undani wa uamuzi pamoja na utaratibu wake. Hata hivyo, kuupima uamuzi kwa ushahidi si kuketi katika kiti cha aliyeuamua.

Makosa mawili huangusha kesi nzuri. La kwanza ni kumshtaki Rais mwenyewe. Katika uamuzi wa BBI wa Machi 2022, Mahakama ya Juu ilisema Rais hawezi kushtakiwa kwa kesi ya madai akiwa madarakani kwa yale anayoyafanya chini ya Katiba. Anayeshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu. La pili ni kukimbilia mahakamani saini zikiwa bado zinakusanywa: hakuna uamuzi uliokwisha kufanywa, na jaji atasema Seneti na tume ziachwe zifanye kazi yake.

Mwisho ni nafuu inayoombwa, na hii ndiyo hesabu ambayo wanafunzi huisahau. Kusimamishwa hakuwezi kuzidi siku 90, na muhula huo ukiisha, uchaguzi wa kaunti hufuata. Kesi ya kikatiba inaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo. Kwa hiyo mwalimu, siku ileile anayowasilisha ombi, aombe chini ya kifungu cha 23 agizo la muda la kuzuia tangazo lisitekelezwe, kisha tamko kwamba tangazo ni batili na amri ya kulifuta. Akingoja hukumu tu, anaweza kushinda kesi huku Voi ikiwa tayari imepiga kura kumchagua gavana mwingine.