Milinganyo tofautishi inayotengeka

Mlinganyo tofautishi hutengeka pale ambapo kasi ya badiliko ni zao la vipande viwili, kimoja cha kigeu y peke yake na kingine cha x peke yake: dy/dx = f(x)g(y). Leibniz aliitumia njia hii mwaka 1691, na Johann Bernoulli akaipa jina mwaka 1694.

Mfano: tangi linalovuja

Kanuni ya Torricelli ya mwaka 1644 yasema kwamba maji hutoka tunduni kwa kasi inayolingana na kipeuo cha pili cha kina chake. Chukua tangi la mcheduara lenye kipenyo cha mita 1 na tundu la karibu sentimita 2.5 kwenye kitako. Kina h kikipimwa kwa mita na muda t kwa dakika, na mkondo unavyojibana unapotoka ukishahesabiwa, tunapata takriban:

dh/dt = −0.1√h

Gawa kwa √h ili kila kigeu kibaki upande wake, kisha integreti pande zote mbili:

∫ h^(−1/2) dh = −∫ 0.1 dt
2√h = −0.1t + C

Konstanti moja yatosha, kwa kuwa za pande mbili huunganika. Ikiwa mwanzoni kina kilikuwa mita 1, weka t = 0 na h = 1, upate C = 2. Hivyo:

h = (1 − 0.05t)²

Tangi hukauka dakika ya 20. Nusu ya kwanza ya maji hutoka kwa dakika 5.9 tu, nusu iliyobaki huchukua zaidi ya 14, kwani kadiri kina kinavyopungua ndivyo mkondo unavyolegea.

Makosa

Kosa sugu ni kuisahau C wakati wa kuintegreti, kisha kuibandika mwishoni. Hapo hupatikana h = 0.0025t² + 1, yaani maji yanapanda tangini huku yakivuja. Dawa ni kurudisha jibu kwenye mlinganyo wa awali: dh/dt hapa ni 0.005t, chanya, ilhali upande wa pili ni hasi.

Kosa lililojificha zaidi liko kwenye kugawa. Kugawa kwa √h huchukulia kwamba h si sifuri, na suluhisho h = 0 hudondoka njiani ingawa ni halali kabisa. Fomula yetu ikiachwa iendelee hadi dakika ya 30, yatoa kina cha mita 0.25 katika tangi lililokwisha kukauka. Ni lazima kuikata dakika ya 20 na kuiunga na h = 0.

Sharti la mwanzo nalo lina mpaka wake: anayelikuta tangi tupu hawezi kukokotoa lilikauka lini, maana masuluhisho mengi hupitia hapo hapo.

Matumizi

Umbo la dy/dx = f(x)g(y) hutumika pia kwa uozo wa mnururisho na kupoa kwa vitu.