Mti wa Ukoo na Mstari wa Gameti: Hoja ya Mpangilio katika Maswali ya Jenetiki

Katika maswali ya jenetiki yanayojirudia kwenye mitihani ya biolojia ya sekondari, mtahiniwa hutakiwa kuonyesha jenotaipu za wazazi, yaani jozi za aleli walizonazo, kisha gameti zao, jenotaipu za watoto na uwiano. Mistari hiyo huchukuliwa na wengi kuwa utaratibu wa kujipatia alama, ilhali kila mmoja ni hatua ya hoja. Hilo hudhihirika zaidi katika mti wa ukoo, mchoro ambao miraba yake ni wanaume, duara zake ni wanawake, na alama zilizotiwa rangi ni watu wenye sifa inayochunguzwa.

Na tuchukulie ukoo ambamo baba na mama wasio na ualbino wamezaa binti mwenye ualbino na binti mwingine asiye nao, na huyo wa pili ameolewa na mwanamume mwenye ualbino. Swali linadai uwezekano wa mtoto wao wa kwanza kuzaliwa na ualbino. Hoja huanzia kwa mtoto na kurudi kwa wazazi: kwa kuwa sifa iliyofichika kwa wazazi wote wawili imejitokeza kwa mtoto, aleli yake ni ya kufichwa, nayo huandikwa a, wakati aleli tawala huandikwa A. Aidha, aleli hiyo haiwezi kuwa kwenye kromosomu X, kwa sababu binti hupokea X moja kutoka kwa baba, na baba mwenye Xᵃ angekuwa na sifa hiyo yeye mwenyewe, kwa kuwa hana X nyingine ya kuificha. Binti mwenye ualbino basi ni aa, na kwa vile alipata a moja kwa kila mzazi, wazazi wote wawili ni Aa.

Baada ya hapo mtambuko wa kwanza hupangwa hivi:

Jenotaipu za wazazi: Aa × Aa
Gameti: A au a × A au a
Jenotaipu za watoto: AA, Aa, Aa, aa
Uwiano wa jenotaipu: 1 AA : 2 Aa : 1 aa
Uwiano wa fenotaipu: 3 wasio na ualbino : 1 mwenye ualbino

Mstari wa gameti ndio unaobeba mzigo wa hoja, kwani meiosisi hutenganisha kromosomu za jozi moja, hivyo kila gameti hubeba aleli moja tu. Mtahiniwa anayeandika Aa kama gameti amezalisha mtoto mwenye aleli nne, na kosa lake hutambulika kwa kuhesabu herufi.

Kosa lisiloonekana kwa urahisi huja katika kumsoma binti wa pili. Wengi huona Aa mbili kati ya nne na kusema kwamba uwezekano wake wa kuwa Aa ni 1/2, wakisahau kwamba mchoro umekwisha kuonyesha kuwa yeye si aa. Nafasi hiyo ikiondolewa, hubaki AA moja na Aa mbili, na jibu sahihi ni 2/3. Akiwa Aa, mtambuko wa Aa × aa hutoa Aa na aa kwa uwiano wa 1 : 1, akiwa AA, watoto wote huwa Aa. Uwezekano unaotafutwa ni 2/3 × 1/2, yaani 1/3. Mtoto huyo akizaliwa na ualbino, mama huthibitika kuwa Aa, na kwa mtoto anayefuata 2/3 haina tena nafasi, bali hutumika 1/2.

Uwiano wenyewe nao una mipaka. Gregor Mendel, katika makala yake ya mwaka 1866, aliripoti mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, uwiano unaokaribia sana 3 : 1 kwa sababu idadi ni kubwa. Wazazi wawili walio Aa wenye watoto wanne hupata watatu kwa mmoja kamili kwa uwezekano wa takribani asilimia 42 tu, kwa kuwa kila uzazi hujitegemea. Vilevile, hesabu hii huchukulia kuwa ualbino wote katika ukoo unatokana na jeni moja, dhana ambayo mtihani huikubali, lakini ambayo haishiki daima: watu wawili wenye ualbino unaotokana na jeni tofauti wanaweza kuzaa watoto wasio nao. Kwa sababu hiyo, jibu kamili hutaja kwanza dhana yake na maana ya kila herufi, ndipo uwiano uandikwe.