Kiharusi: Saa huhesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho

Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Hutokea pale damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa sababu donge la damu limeziba mshipa, ama kwa sababu mshipa wenyewe umepasuka na damu inavuja ndani ya kichwa. Kwa kuwa upande wa kulia wa ubongo huongoza upande wa kushoto wa mwili, na wa kushoto huongoza wa kulia, dalili zake mara nyingi huonekana upande mmoja tu: mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu, mguu kuburutwa. Watu wengi huuita kupooza. Lakini kupooza ni matokeo, na anayesubiri mpaka aone mtu amepooza kabisa huwa amekwisha kupoteza muda wenye thamani kubwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwahoji watu wazima 1,616 wa Nansana na Busukuma, katika wilaya ya Wakiso inayoizunguka Kampala. Karibu robo tatu yao hawakuweza kutaja dalili yoyote ya kiharusi. Hata hivyo, walipoulizwa wangefanya nini kikitokea, zaidi ya watu 8 katika kila 10 walisema wangekwenda hospitali, na waliomtaja mganga wa kienyeji hawakufika hata mmoja katika 100. Matokeo hayo yanafaa kutafakariwa. Tumezoea kuambiwa kwamba wagonjwa huchelewa kwa sababu ya imani za majini na kutupiwa uchawi. Takwimu hizi zaelekeza kwingine: watu wako tayari kwenda hospitali, ila hawajui kwamba wanachokiona mbele yao ndicho kiharusi.

Tuchukue mfano wa familia moja ya kubuni inayoishi Katwe. Mama wa nyumba hiyo ana umri wa miaka 62 na anatumia dawa za presha, ingawa si kila siku. Saa kumi na mbili kamili asubuhi anazungumza na binti yake jikoni, akiwa mzima. Saa moja kasoro robo binti anasikia kikombe kikianguka. Anamkuta mama ameketi, chai imemwagika, na mdomo umeshuka upande wa kulia.

Kuna majaribio matatu ambayo binti huyo anaweza kuyafanya kwa muda usiozidi dakika moja, bila chombo chochote. Kwanza amwambie: “Mama, tabasamu nione meno.” Katika kiharusi upande mmoja hupanda na wa pili hubaki umelala. Kisha: “Mama, fumba macho, nyoosha mikono yote miwili mbele.” Ahesabu polepole hadi kumi. Mkono mmoja ukishuka wenyewe, au ukishindwa kabisa kuinuka, hiyo ni dalili. Mwisho amwombe arudie sentensi fupi, kwa mfano: “Leo mvua imenyesha Kampala.”

Jaribio hili la tatu linahitaji uangalifu zaidi katika nyumba zetu, ambamo Kiswahili, Kiganda, Kinubi na Kikongo hupishana katika mazungumzo ya siku moja. Mgonjwa apimwe kwa lugha aliyoizoea tangu utotoni, kwani kiharusi chaweza kuidhuru lugha moja kuliko nyingine, na mtu anayeonekana hajibu kwa Kiswahili huenda akajibu vyema kwa lugha ya mama yake. Tena, ulimi mzito si kasoro pekee. Wapo wanaotamka maneno kwa ufasaha lakini maneno hayo hayana maana, na wapo wanaokutazama kama kwamba hawajaelewa ulichosema. Familia hudhani mzee amechanganyikiwa au amekasirika, ikamwacha apumzike.

Dalili moja kati ya hizo tatu, ikiwa imeanza ghafla, inatosha kuondoka nyumbani. Haifai kungoja ya pili. Vivyo hivyo kwa mtu anayepoteza uwezo wa kuona ghafla, anayeanza kuyumba bila sababu, au anayepatwa na maumivu makali ya kichwa ambayo hajawahi kuyapata maishani.

Sasa binti aitazame saa. Swali la kwanza ambalo daktari atauliza si lini mama alianguka, bali ni lini alionekana mzima mara ya mwisho. Katika mfano wetu jibu ni saa kumi na mbili kamili, si saa moja kasoro robo, kwa sababu hakuna ajuaye kilichotokea katika dakika hizo arobaini na tano. Mtu aliyelala mzima saa nne usiku akaamka mdomo umepinda huhesabiwa tangu saa nne ya usiku. Muda huo uandikwe kwenye karatasi au kwenye simu, maana katika heka heka za njiani kila mtu hukumbuka lake.

Umuhimu wa saa hiyo unatokana na dawa inayoyeyusha donge la damu, ambayo hutolewa kwa njia ya mshipa. Kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu mgonjwa alipokuwa mzima. Kwa mama wa Katwe, mlango huo unafungwa saa nne na nusu asubuhi. Na hata kabla haujafungwa, kila dakika ina gharama yake: watafiti wamekadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza takribani seli za neva milioni 1.9 kwa kila dakika inayopita.

Lakini dawa hiyo haiwezi kutolewa kwa kukisia. Ikiwa tatizo ni mshipa uliopasuka, dawa ya kuyeyusha damu itaongeza uvujaji na yaweza kuua. Mdomo uliopinda kwa donge na uliopinda kwa damu inayovuja hufanana kwa macho ya mtu yeyote, hata ya daktari. Kinachotenganisha ni picha ya kichwa iitwayo siti skani. Ndiyo maana mgonjwa apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye mashine hiyo, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Taifa ya Mulago au mojawapo ya hospitali kubwa za binafsi na za mashirika ya dini jijini. Kabla ya gari kuondoka, mtu mmoja apige simu kuuliza mambo mawili: je, siti skani inafanya kazi leo, na je, dawa ya kuyeyusha donge ipo? Dawa hiyo ni ghali na haipatikani kila mahali nchini Uganda. Jibu la simu hiyo laweza kuamua gari lielekee upande gani.

Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia bila kujua. Humpeleka mgonjwa kwenye zahanati ya jirani kwa sababu iko karibu. Presha inapimwa, inakutwa 190 kwa 110, kila mtu anashtuka, na mgonjwa anapewa vidonge vya kuishusha haraka. Anaonekana ametulia, analazwa kitandani, na jioni hali ikizidi ndipo Mulago inakumbukwa. Presha ile haikuwa lazima ishushwe. Mshipa unapoziba, mwili huipandisha presha ili damu iweze kupenya kuzunguka kizuizi. Kuishusha ghafla ni kuinyima damu sehemu ya ubongo iliyokuwa bado inajikongoja. Ikiwa kiharusi ni cha donge na dawa ya kuyeyusha haitatolewa, madaktari kwa kawaida huiacha presha isipovuka 220 kwa 120. Ikiwa ni cha kuvuja damu, wao huishusha kwa mpango na kwa vipimo. Uamuzi huo hufuata picha, hautangulii.

Kwa sababu hiyo hiyo binti asimpe mama aspirini. Ni kweli kwamba aspirini husaidia katika kiharusi cha donge, lakini hudhuru katika kile cha kuvuja, na hapo jikoni hakuna ajuaye ni kipi. Asimpe chai, uji, maji wala dawa ya kienyeji ya kunywa: misuli ya koo huweza kuwa imelegea pamoja na ya uso, na kinywaji kikaingia mapafuni. Hospitalini humpima kwanza kama anaweza kumeza. Kuhusu ule ujumbe unaosambaa kwenye simu kila mara, kwamba umtoboe mgonjwa vidole kwa sindano mpaka damu itoke, hauna msingi wowote, na dakika zinazotumika kutafuta sindano hazirudi.

Mgonjwa alazwe, kichwa kiinuliwe kidogo. Akiwa na usingizi mzito au akitapika, ageuzwe ubavu. Kama ana kisukari na kipimo kipo nyumbani, sukari ipimwe mara moja, kwa kuwa sukari iliyoshuka sana huweza kuiga kiharusi kwa kila hali. Ikiwa kipimo hakipo, daktari aambiwe tu juu ya ugonjwa huo. Bodaboda haifai hata kama foleni ni ndefu: mtu ambaye nusu ya mwili imelegea hawezi kujishika. Gari la jirani au la kukodi ni bora, mgonjwa akilazwa kiti cha nyuma pamoja na mtu wa kumshika. Dawa zake zote zitiwe katika mfuko mmoja, hasa zile za kuzuia damu kuganda. Mwenye jukumu la kutafuta fedha za picha abaki nyuma akizitafuta wakati gari liko njiani; mgonjwa asiwekwe nyumbani kusubiri kikao cha ukoo.

Mama wa mfano wetu akiondoka Katwe saa moja na dakika tano, hata kwa foleni ya asubuhi anaweza kufika Mulago saa mbili. Zingebaki saa mbili na nusu za kumsajili, kumpima, kumpiga picha na kuisoma. Na hata kama dawa ya kuyeyusha haipo siku hiyo, hakusafiri bure. Kujua aina ya kiharusi huwezesha aspirini kutolewa kwa anayestahili, presha kusimamiwa ipasavyo, homa na sukari kudhibitiwa, na mgonjwa kukingwa dhidi ya nimonia inayotokana na kumeza vibaya.

Limebaki jambo moja ambalo huwadanganya watu wengi. Yawezekana gari likifika mlangoni, mdomo wa mama umekwisha kunyooka na anazungumza vizuri, akisisitiza kwamba hataki kwenda popote. Hicho huitwa kiharusi cha muda: donge limeziba kisha likaachia. Uwezekano wa kiharusi kamili kufuata ni mkubwa zaidi katika siku mbili zinazofuata, na dawa za kukizuia zipo. Apandishwe gari hilo hilo, na ile saa iliyoandikwa ikabidhiwe kwa daktari pamoja na maelezo ya dalili zilivyokuwa na zilidumu kwa dakika ngapi.