Kigae cha Ramani Si Nukta

Ramani za mtandaoni, OpenStreetMap ikiwemo, hukatwa vipande vya mraba, kwa kawaida vya pikseli 256 kila upande. Kipande kimoja nakiita kigae. Wapo wanaopendelea "picha", lakini picha inaweza kuwa ya chochote na kukaa popote, ilhali kigae kina mahali pake sakafuni na majirani wanaogusana nacho. Pingamizi kwamba kigae ni pia kipande cha chungu kilichovunjika halinisumbui. Muktadha unatosha kulimaliza. Linalonisumbua ni namba ya kigae kusomwa kama nukta, na hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini hilo ni kosa.

```
n = 2^z
x = floor(n * (lon + 180) / 360)
y = floor(n * (1 - asinh(tan(lat)) / π) / 2)
```

Hapo z ni kiwango cha ukuzaji, na lat ndani ya tan iwe katika radiani. Safu za x huhesabiwa kuanzia magharibi, za y kuanzia kaskazini, takriban latitudo 85.05, ncha za dunia hazimo. Chukua Dar es Salaam, latitudo -6.8 na longitudo 39.28, katika kiwango cha 10. n ni 1024, x inatoka 623.73 na y 531.39. floor inafuta desimali, inabaki 10/623/531. Desimali hizo ndizo zilizokuwa zikisema mji uko wapi ndani ya kigae, na hakuna fomula itakayozirudisha.

```
lon = 360 * x / n - 180
lat = atan(sinh(π * (1 - 2*y/n)))
```

Ukirudi kwa njia hii (lat ukiitoa tena kwenye radiani), unapata -6.665 na 39.023, yaani kona ya kaskazini-magharibi ya kigae, kilomita zipatazo 32 kutoka ulikoanzia. Ukiongeza 0.5 kwenye x na y unapata katikati, -6.839 na 39.199. Umekaribia, lakini bado hujarudi. Mtu atasema kosa hili huisha ukikuza zaidi. Hupungua tu: katika kiwango cha 18 kigae karibu na ikweta kina upana wa mita 150 hivi, zinazotosha kukuweka mtaa wa pili. Anayehitaji nukta ahifadhi latitudo na longitudo zenyewe.

Kosa jingine ni la mwelekeo. Mfumo wa TMS huhesabu y kuanzia kusini, hivyo 531 yetu huko ni 1023 - 531, yaani 492. Ukiipeleka 492 kwa seva inayohesabu kutoka kaskazini, hutaona ujumbe wowote wa hitilafu. Utaletewa milima ya kusini mwa Ethiopia, longitudo ileile, latitudo 6.8 upande wa pili wa ikweta. Ukiona mahali pamegeuzwa hivyo, usiguse fomula ya x. Toa y kutoka n - 1.