Saa ya Mhadhara na Kazi Iliyo Nje Yake: Malipo ya Wahadhiri wa Muda Kusini mwa Nyanza

Mhadhiri wa muda anayeishi Mbita anaweza kuvifikia vyuo vikuu vitatu vya umma bila kuhama nyumba: Tom Mboya mjini Homa Bay, Rongo katika Kaunti ya Migori, na Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, akivuka ghuba kwa feri hadi Luanda Kotieno. Jiografia hii humfanya mtu wa Mbita kuwa mfano mzuri wa mhadhiri wa muda kwa jumla, yule anayeunganisha vipande vya kazi kutoka zaidi ya chuo kimoja. Makala haya hayakishtaki chuo chochote kati ya hivyo. Yanachunguza utaratibu uliozoeleka nchini Kenya wa kumlipa mhadhiri wa muda kwa saa anazosimama mbele ya wanafunzi, na swali ambalo mikataba mingi hulipita kimya: je, malipo hayo yamejumuisha maandalizi na usahihishaji?

Jibu hupatikana kwa kuitazama njia ambayo fedha hupitia. Kwa kawaida mhadhiri hujaza fomu ya madai mwishoni mwa muhula. Huiambatisha na karatasi ya mahudhurio iliyotiwa saini na mwakilishi wa darasa, kisha fomu hupita kwa mkuu wa idara na mkuu wa kitivo kabla ya kufika kwenye ofisi ya fedha. Kinachohesabiwa katika fomu ni saa za darasani peke yake. Hata hivyo idara nyingi haziipitishi fomu hadi mhadhiri awe amekabidhi karatasi za mtihani zilizosahihishwa pamoja na orodha ya alama. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Chuo kinachozuia malipo kwa sababu alama hazijaletwa kimekiri kwa kitendo kwamba usahihishaji ni sehemu ya kazi iliyonunuliwa. Hakiwezi tena kudai kwamba kililipia mhadhara tu.

Basi usahihishaji umejumuishwa. Linalobaki ni kujua umejumuishwa kwa bei gani, na hapa mfano wa hesabu utasaidia. Tuseme kozi ina saa 3 kwa wiki kwa wiki 14, yaani saa 42, na mkataba unalipa shilingi 1,500 kwa saa. Jumla ni shilingi 63,000 kabla ya makato. Darasa lina wanafunzi 120. Mtihani wa mwisho ukichukua dakika 15 kwa kila karatasi, hizo ni saa 30. Majaribio mawili ya muhula, kwa dakika 6 kila moja, ni saa 24 zaidi. Kutunga mtihani na mwongozo wake wa kusahihisha, kuurekebisha baada ya wahadhiri wengine wa idara kuupitia, na kuingiza alama kwenye mfumo, tuviwekee saa 13. Mhadhiri anayefundisha kozi hiyo kwa mara ya kwanza akitumia saa 2 kuandaa kila saa ya mhadhara, maandalizi pekee ni saa 84. Kazi yote inafika saa 193, na ile shilingi 1,500 inageuka kuwa kama shilingi 326.

Akiifundisha tena mwaka unaofuata, maandalizi yanaweza kushuka hadi nusu saa kwa kila mhadhara. Jumla inakuwa saa 130, na malipo halisi yanapanda hadi kama shilingi 485. Sasa tuongeze wanafunzi wafike 300 katika mwaka huohuo wa pili. Karatasi za mtihani zinadai saa 75, majaribio saa 60, na hata tukiacha kazi nyingine zote zilivyo, jumla ni saa 211. Kila saa imeshuka chini ya shilingi 300, ilhali fomu ya madai haijabadilika hata tarakimu moja. Makadirio ya dakika yanaweza kubishaniwa, kwani karatasi ya hesabu haisahihishwi kama insha ya historia. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba kipimo cha saa ya darasani hakioni idadi ya wanafunzi, na idadi ya wanafunzi ndiyo inayoamua kazi itakuwa kubwa kiasi gani baada ya mhadhara wa mwisho.

Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba kiwango cha saa kimewekwa juu makusudi ili kibebe yote hayo. Hoja hiyo ina uzito, nami sioni sababu ya kuipuuza: hakuna anayeamini kwamba kuzungumza kwa saa moja peke yake kuna thamani ya shilingi 1,500 huku kibarua wa mjini akipata chini ya hapo kwa siku nzima. Lakini bei inayobeba yote lazima iwe na kikomo. Mkataba uliokusudia kujumuisha usahihishaji ungetaja ukubwa wa darasa ambao bei hiyo imeukadiria. Usipoutaja, chuo kinabaki huru kuunganisha madarasa mawili kuwa moja wiki ya tatu ya muhula, na gharama yote ya uamuzi huo inamwangukia mhadhiri.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inagusa jambo hili kwa namna ambayo wahadhiri wengi hawaitumii. Kifungu cha 9 kinataka mkataba uwe wa maandishi ikiwa kazi ni ya jumla ya miezi mitatu au zaidi, au ikiwa ni kazi maalumu isiyotarajiwa kumalizika ndani ya muda huo. Ukihesabu saa 42 za darasani peke yake, unapata kama wiki moja ya kazi, na kifungu kinaonekana hakihusiki. Ukihesabu kazi kama inavyofanywa, kuanzia maandalizi hadi kukabidhi alama, kozi moja inaanza kabla ya muhula na kumalizika baada ya mitihani, na muda huo kwa kawaida unavuka miezi mitatu. Kifungu cha 10 nacho kinadai maelezo ya kazi, saa na malipo yaandikwe, na kinamwekea mwajiri mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa pale anaposhindwa kutoa maandishi hayo mahakamani. Kwa hiyo ukimya wa mkataba hauna budi kumwia mwajiri hatari kuliko unavyomwia mhadhiri. Kizuizi kipo, nacho si kidogo: sheria hii humlinda mwajiriwa, na chuo kinaweza kudai kwamba mhadhiri wa muda ni mkandarasi anayejitegemea. Dai hilo lipimwe kwa mambo halisi. Anayepangiwa ratiba, mtaala, mfumo wa alama na tarehe ya kuzikabidhi hana uhuru mwingi wa mkandarasi.

Ukimya huohuo ndio unaozaa mgogoro ambao kila mwanafunzi wa Kenya anaufahamu, wa alama zisizoonekana. Mhadhiri aliyekaa mihula kadhaa bila malipo huzishikilia alama, chuo hushikilia malipo, na mwanafunzi hukosa kuhitimu. Mkataba ungekuwa wazi, mmoja wao angekuwa na kosa linaloonekana. Kama usahihishaji umelipiwa ndani ya saa ya mhadhara na malipo yalipaswa kutoka kwa tarehe fulani, kuzuia alama kabla ya tarehe hiyo ni kuvunja mkataba, na kuchelewesha fedha baada yake ni kuuvunja pia. Pasipo tarehe wala bei, kila upande unaamini kwa dhati kwamba mwenzake ndiye aliyeanza.

Dalili nyingine ni za kimyakimya zaidi, na mtahini wa nje mwenye uzoefu huzitambua. Karatasi zinarudi zikiwa na jumla ya alama kwenye jalada bila alama yoyote pembeni mwa majibu. Alama za darasa zima zinajikusanya kati ya 50 na 60. Majaribio mawili ya muhula yanapatikana kwenye orodha, lakini maswali yake hayamo katika faili la idara. Haya si lazima yatokane na uvivu. Mtu aliyelipwa sawa kwa karatasi 120 na kwa karatasi 300 ataugawa upya muda wake, na kitakachopunguzwa kwanza ni kile ambacho fomu haikihesabu.

Nje ya Kenya pengo hili limeshatazamwa. Mapendekezo ya UNESCO ya mwaka 1997 kuhusu hadhi ya wahadhiri yanataka anayefundisha kwa muda mara kwa mara alipwe kwa uwiano sawa na mwenzake wa kudumu. Mwenzake wa kudumu hulipwa mshahara unaogharamia maandalizi na usahihishaji bila mtu kuuliza. Jijini New York, mkataba wa mwaka 2019 kati ya chuo kikuu cha jiji hilo na chama cha wahadhiri wake uliongeza saa moja ya kulipwa kila wiki kwa kozi ya saa tatu, ili kazi ya kuonana na wanafunzi nje ya darasa ihesabiwe.

Kwetu ningependekeza jambo dogo kuliko hilo na rahisi zaidi kukaguliwa. Saa ya mhadhara ibaki kama ilivyo na itajwe kwamba inajumuisha maandalizi ya kawaida. Kozi inayofundishwa kwa mara ya kwanza iongezewe kiasi maalumu, kilipwe mara moja tu. Usahihishaji utolewe kwenye saa na ulipwe kwa karatasi, kwa sababu karatasi zinahesabika, idadi yake imo tayari katika orodha ya waliofanya mtihani, na hakuna saini ya ziada inayohitajika. Kiwango cha saa huenda kikalazimika kushuka kidogo ili bajeti itoshe, na wenye madarasa madogo watapoteza kitu. Nadhani wapoteze. Mwenye wanafunzi 18 na mwenye wanafunzi 300 hawajawahi kufanya kazi moja, na fomu ya madai ndiyo mahali pa kuanza kulikiri hilo.