Filamu za utulivu kwa wazee, na tahadhari kabla ya kuzitazama

MZEE anapolalamika kwamba filamu za kisasa zinamwacha nyuma, malalamiko yake yana msingi unaoweza kupimwa. Katika filamu za Marekani za miaka ya 1930, picha moja ilikaa machoni pa mtazamaji kwa takriban sekunde 10 kabla ya nyingine kushika nafasi yake. Katika filamu nyingi za siku hizi, picha hukaa kwa chini ya sekunde nne. Mtu asiyeona vizuri, au anayehitaji muda wa kutambua sura na kusikia maneno, hupoteza mkondo wa hadithi kabla haijashika kasi.

Aliyeko Thika au Ruiru anayemtafutia babu au nyanya filamu inayomfaa anaweza kuipima kwa saa ya mkononi. Achague sehemu ya katikati ambapo watu wanazungumza, kisha ahesabu picha inabadilika mara ngapi kwa dakika moja. Ikibadilika mara 24, kila picha imekaa sekunde mbili na nusu tu; ikibadilika mara sita, imekaa sekunde 10. Mwanzo wa filamu haufai kwa kipimo hiki kwa sababu mara nyingi hutengenezwa kwa mwendo tofauti.

Hata hivyo, upole wa filamu hautokani na mwendo peke yake. Mfano ulio karibu zaidi na Wakenya ni The First Grader, filamu ya mwaka 2010 iliyoongozwa na Justin Chadwick na kupigwa humu nchini. Inasimulia kisa cha kweli cha Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mnamo Januari 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Serikali ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi mwaka uliotangulia.

Oliver Litondo, aliyewahi kuwa msomaji wa habari, anaigiza kama Maruge, naye Naomie Harris ni mwalimu Jane Obinchu. Kiini cha filamu ni urafiki wa wawili hao. Mzee anarudishwa langoni kwa kukosa sare. Anakata suruali yake iwe kaptura na kurudi. Mwalimu anamkubali, kisha anaanza kuulipia uamuzi huo mbele ya wazazi na wakubwa wake kazini. Mzee naye ana barua kutoka serikalini ambayo anataka kuisoma mwenyewe.

Tahadhari iko hapa. Maruge alikuwa mpiganaji wa Mau Mau, na filamu inarudi ghafla katika miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 20, 1952. Darasani, penseli inayochongwa inamkumbusha mateso ya kizuizini. Mauaji ya familia yake pia yanaonyeshwa. Kwa kijana, hiyo ni historia. Kwa mzee wa Kikuyu aliyekuwa mtoto wakati watu walipokusanywa kwa nguvu vijijini kuanzia mwaka 1954, huenda yakawa ni mambo aliyoyaona kwa macho yake na ambayo hajawahi kumsimulia mtu.

Kwa hivyo ni vyema anayeileta filamu aitazame kwanza peke yake na kuandika dakika ambazo sehemu hizo zinaanza na kuisha. Kisha amweleze mzee waziwazi yaliyomo na kumwachia uamuzi. Mzee akinyamaza ghafla, akigeuza uso au akianza kuzungumzia jambo jingine, filamu isimamishwe bila kumhoji.

Kwa anayetaka kuanza na jambo jepesi zaidi, kuna The Straight Story ya David Lynch, iliyotolewa mwaka 1999. Nayo inatokana na kisa cha kweli: mwaka 1994, Alvin Straight, mzee asiyeweza tena kuendesha gari, alisafiri kwa mashine ya kukatia nyasi umbali wa karibu kilomita 390 kutoka Iowa hadi Wisconsin, kumwona ndugu yake mgonjwa ambaye walikuwa wamekosana. Mwendo wa mashine hiyo ndio mwendo wa filamu. Kuna mazungumzo mafupi kuhusu vita na ajali ya paa, lakini hakuna mateso yanayoonyeshwa.

Kizuizi kingine ni lugha. Filamu hii ni ya Kiingereza cha Marekani. Maandishi chini ya picha humsaidia tu mzee anayejua kusoma na ambaye macho yake yanayafikia. Asiyeweza huhitaji mtu wa kukaa kando yake, kusimamisha filamu kila baada ya mazungumzo marefu, na kumweleza kwa Kikuyu au Kiswahili yaliyosemwa. Filamu ya saa mbili huweza kugawanywa kwa jioni mbili, na kisa cha mashine ya nyasi hakiharibiki kwa kukatizwa njiani.